Boksi 50 au 68? Hesabu ya marumaru, gundi, grauti na rangi, chumba kwa chumba

*"Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunamalizia nyumba Muriet, Arusha. Kwa nje ni mita 10.5 kwa 9.3. Jiko na vyoo tumeshaweka marumaru. Imebaki sebule ya 5.7 kwa 4.4, chumba chetu 3.9 kwa 3.5, vyumba viwili vya watoto 3.1 kwa 3.1 kila kimoja, na korido 1.2 kwa 5.2. Tumepima wenyewe baada ya plasta. Tumechagua marumaru za sentimita 60 kwa 60, boksi lina nne. Fundi anataka boksi 68. Muuzaji anasema 50 zinatosha, na hapo ameshaongeza asilimia 10 ya kuvunjika. Nani yuko sahihi? Na gundi, grauti na rangi ya vyumba hivyo hivyo tununue kiasi gani? Kuta zina mita 2.9 hadi darini."*

Dada, wote wawili wamekosea, ila kila mmoja kwa njia yake, na hakuna aliyetaka kukuibia. Chukua 10.5 uzidishe kwa 9.3, unapata mita za mraba 97.65. Boksi la marumaru nne za 60 kwa 60 linafunika mita za mraba 1.44. Gawanya, jibu ni 67.8. Hizo ndizo boksi 68 za fundi wako. Amepima nyumba kwa nje, kwa hiyo amehesabu unene wa kuta, jiko na vyoo ambavyo vimeshakamilika, na baraza kama mnayo. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa sababu ni haraka, na kwa sababu lawama ya marumaru kupungua humwangukia fundi wakati zinazobaki stoo hazimuumizi.

Muuzaji amefanya hesabu ya darasani. Eneo la vyumba vyenu vitano ni mita za mraba 64.19. Ameongeza asilimia 10, akagawa kwa 1.44, akapata 49 na kidogo, akakupa 50. Ni hesabu safi, lakini ina mapengo mawili. Amesahau skatingi, ule ukanda wa marumaru unaozunguka chini ya ukuta. Halafu amechukulia kwamba kila chumba kinapoteza marumaru kwa kiwango kimoja, na hilo si kweli hata kidogo.

Marumaru zinazopotea hazipotei hasa kwa kuvunjika. Zinapotea kwa kukatwa, na kukata kunategemea urefu wa chumba unagawanyika vipi kwa ukubwa wa marumaru. Ukiweka marumaru nzima kutoka ukuta mmoja, ukifika ukuta wa pili kunabaki nafasi. Nafasi hiyo ikiwa pungufu ya nusu ya marumaru, marumaru moja inatoa vipande viwili au zaidi na huna hasara kubwa. Nafasi ikizidi nusu, kila kipande kinakula marumaru nzima, na linalobaki ni ukanda mwembamba usioweza kujaza nafasi kama ile. Mambo mengi nitakayokuambia yanatoka hapo. Ndiyo maana mimi sianzi na asilimia. Nahesabu mistari, chumba kwa chumba, kisha asilimia inajitokeza yenyewe mwishoni.

Tuanze na sebule. Marumaru ya sentimita 60 pamoja na mwanya wa milimita 2 inakula sentimita 60.2. Kwenye urefu wa 5.7 zinaingia 9 nzima na kubaki kama sentimita 28. Kwenye upana wa 4.4 zinaingia 7 nzima na kubaki kama 18. Nzima ni 9 mara 7, yaani 63. Ukanda wa sentimita 28 una vipande 7, na kila marumaru inatoa viwili, kwa hiyo marumaru 4, huku nusu moja ikibaki kwa ajili ya kona. Ukanda wa sentimita 18 una vipande 9, kila marumaru inatoa vitatu, kwa hiyo marumaru 3. Jumla 70. Sasa tazama: eneo la sebule ukiligawa kwa 0.36, ambalo ni eneo la marumaru moja, unapata 69.7. Sebule yenu karibu haipotezi kitu.

Hesabu hiyo ina sharti moja, nalo ni kwamba fundi aanze na marumaru nzima upande wa mlango na kupeleka vipande kwenye kuta za mbali, zitakakokaa sofa na kabati. Fundi anayependa kazi ya kupendeza atakwambia, "Dada, sebule inaanzia katikati ili vipande vilingane pande zote." Si uongo, inapendeza. Lakini hapo vipande vinakuwa vya sentimita 44 upande mmoja na 39 upande mwingine, vyote vimezidi nusu, na sebule ile ile inakula marumaru 80. Ni boksi mbili na nusu zaidi kwa sebule peke yake. Mimi kwa sebule yenu ningeanzia mlangoni, kwa sababu kipande cha sentimita 18 nyuma ya sofa hakimsumbui mtu. Kama kingebaki cha sentimita 5, ningesema vinginevyo.

Vyumba vya watoto ndivyo vyenye somo. Mita 3.1 inachukua marumaru 5 nzima na kuacha sentimita 9. Kwa eneo, chumba kinahitaji marumaru 26.7. Fundi akianza na nzima pande zote mbili atatumia 27, lakini ukanda wa sentimita 9 utaonekana kwenye kuta mbili, na ukiwa pembeni mwa kabati fupi utauona kila unapopiga deki. Vipande vyembamba hivyo pia huvunjika vikikatwa, hasa kwa marumaru ngumu. Akiweka katikati pande zote mbili, vipande vinakuwa vya sentimita 34, vimezidi nusu, na chumba kinakula 36. Kutoka 26.7 hadi 36 ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja! Asilimia 10 ya muuzaji haifiki hapo hata theluthi ya safari.

Kuna njia ya tatu, na ndiyo ningeitumia. Simama mlangoni utazame ndani. Kushoto na kulia, weka katikati, ili jicho lione vipande vya sentimita 34 vinavyolingana. Kwenda mbele, anza na marumaru nzima mlangoni na uache ule ukanda wa sentimita 9 ukutani kule mwisho, kinapokaa kitanda. Unapata mistari sita kwa mitano, yaani marumaru 30. Ukanda wa mwisho hauhitaji marumaru mpya hata moja, kwa sababu kila ulipokata kipande cha 34 ulibakiwa na ukanda wa sentimita 25 kwa 60, nao unatoa vipande viwili vya sentimita 9. Marumaru 30 kwa chumba, na mlangoni panapendeza. Mwonyeshe fundi mpango huu kwa chaki sakafuni kabla hajafungua boksi. Apange marumaru kavu, bila gundi, mstari mmoja wa urefu na mmoja wa upana. Kazi hiyo haizidi nusu saa kwa chumba.

Chumba chenu cha 3.9 kwa 3.5 nimekihesabu kwa kuanzia mlangoni: marumaru 39, kwa sababu upande mmoja kunabaki sentimita 28 na mwingine sentimita 49.

Korido inahitaji uangalifu wa pekee. Kwa mita 1.2 marumaru mbili zinakaa sawasawa, na kwa urefu wa 5.2 unahitaji mistari 9, jumla 18. Lakini marumaru mbili na mwanya wake ni sentimita 120.2, kwa hiyo fundi atalazimika kukwangua kidogo pembeni, jambo ambalo skatingi italifunika. Nakuomba upime korido tena sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Ikiwa sehemu moja ina sentimita 124, utajikuta na ukanda wa sentimita 4 wa kujaza urefu wote, na hapo afadhali kuweka marumaru moja nzima katikati na vipande viwili sawa pembeni, mistari mitatu badala ya miwili, marumaru 27 badala ya 18. Ni heri ulijue hilo leo, kabla hujalipa dukani.

Vyumba navyo vipime kwa kona. Nyosha tepu kutoka kona moja hadi ile inayotazamana nayo, kisha fanya hivyo kwa kona nyingine mbili. Kwenye chumba cha watoto kila kipimo kinatakiwa kiwe karibu mita 4.38. Vikitofautiana kwa sentimita mbili tatu, chumba kimepinda, na ule ukanda wa sentimita 9 utakuwa 10 upande mmoja na 7 upande wa pili. Kitanda kitauficha, ila hesabu yako iongezee marumaru moja au mbili.

Sasa jumlisha: 70 za sebule, 39 za chumba chenu, 60 za watoto, 18 za korido. Tunapata 187. Kwa eneo tupu ingekuwa 178. Kwa hiyo kukata kwenyewe, kukipangwa, kunakupotezea karibu asilimia 5 tu kwa nyumba nzima, ingawa chumba kimoja kingeweza kupoteza mara saba ya hiyo.

Skatingi ndiyo iliyosahauliwa. Mzunguko wa vyumba vyote vitano ni mita 72.6. Nimetoa milango kwa makadirio, nikikumbuka kwamba mlango wa chumba unakata skatingi mara mbili, ndani na koridoni. Zinabaki kama mita 62. Kwa skatingi ya sentimita 10, marumaru moja inatoa vipande vitano, yaani mita 3, kwa sababu kisu cha grainda nacho kinakula milimita kadhaa kila kinapopita. Mita 62 zingetaka marumaru 21. Lakini zile kanda za sentimita 25 zilizobaki vyumba vya watoto zinatoa kama mita 17 za skatingi bure, kwa hiyo zinahitajika marumaru 16 tu. Mwambie fundi mapema asitupe mabaki nje, maana nimeona kanda za namna hiyo zikimwagwa kwenye kifusi asubuhi, na jioni watu wanakata marumaru mpya kwa ajili ya skatingi.

Jambo moja kuhusu skatingi ya kukata: makali ya juu yataonekana. Kipande chenye ukingo wa kiwandani kikae ukingo huo ukiwa juu, na vingine visuguliwe kwa jiwe mpaka visikate kidole. Kama hutaki kuhangaika na hilo, ziko skatingi zilizotengenezwa tayari. Ukizichukua, toa zile marumaru 16 kwenye hesabu.

Tumefika 203. Ongeza 6 za kuvunjika, kwenye gari na kwenye kisu. Ongeza 8, boksi mbili, za kuweka stoo kwa ajili ya siku bomba litakapopasuka au sufuria nzito itakapoanguka. Jumla 217, gawa kwa 4, nunua boksi 55. Mkiamua sebule ianzie katikati, nunua 57.

Nunua zote siku moja, na hakikisha namba ya toni na namba ya kipimo zilizoandikwa ubavuni mwa maboksi zinafanana kwa yote 55. Marumaru huchomwa tanuruni kwa mikupuo, na mkupuo mmoja hutofautiana na mwingine kwa rangi, na hata kwa ukubwa wa nusu milimita au zaidi. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia nyumba moja Pasua, Moshi, tukapungukiwa boksi nne sebuleni. Tulirudi duka lile lile, tukapewa jina lile lile na picha ile ile kwenye boksi. Tulipoziweka na jua la saa kumi likaingia dirishani, mstari ulionekana kama kivuli kilichogoma kuondoka. Kosa lilikuwa langu, sikusoma toni. Mwenye nyumba aliweka zulia juu yake na hajaliondoa mpaka leo.

Boksi la aina hii lina uzito wa kama kilo 30, kwa hiyo 55 ni zaidi ya tani moja na nusu. Msiyapakie kwenye kirikuu kwa safari moja. Maboksi yasimame kwa ubavu, yasilazwe, kwa sababu yakilazwa na barabara ikawa ya mashimo, ya chini ndiyo yanayobeba kila mtikisiko.

Kuhusu gundi, hesabu yake inategemea unene kuliko eneo. Kila mita ya mraba inakula kama kilo 1.4 za unga kwa kila milimita moja ya unene. Kwa marumaru ya 60 kwa 60 fundi atumie mwiko wa meno ya milimita 10. Akishabonyeza marumaru, mistari ile ya gundi inalala na kubaki kama milimita 5. Hiyo ni kilo 7 kwa mita ya mraba. Mita 64 zinakula kilo 449, skatingi inaongeza kama 25, jumla kilo 474. Kwa mifuko ya kilo 20 ni 24, nunua 25. Kwa mifuko ya kilo 25, nunua 20. Uzito umeandikwa kwenye mfuko, usome, kwa sababu ukubwa wote miwili upo madukani.

Hesabu hiyo itavunjika kama sakafu si sawa. Kila milimita moja inayoongezeka kwenye nyumba yenu ni kilo 90 za gundi, mifuko minne na nusu. Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua rula ya aluminiamu ya mita 2, ilaze sakafuni sehemu mbalimbali, uone mwanga unapopita chini yake. Panapozidi milimita 5 pajazwe kwanza kwa mchanga na saruji, paachwe pakauke. Kujaza shimo kwa gundi ni kutupa hela, na tabaka nene la gundi hunywea likikauka na kuivuta marumaru.

Huenda fundi akakwambia gundi ni anasa, na kwamba yeye atalaza kwa saruji na mchanga kama walivyofanya wazee. Kwa marumaru za zamani za udongo uliochomwa, zile zinazonyonya maji, saruji ilishika vizuri kwa sababu maji yake yaliingia mgongoni mwa marumaru yakiwa na saruji ndani. Marumaru nyingi za 60 kwa 60 za siku hizi ni za poselini, ambayo kwa viwango hainyonyi hata nusu asilimia ya uzito wake. Mgongo wake ni kama wa kikombe. Saruji tupu inakauka chini yake bila kuishika, na baada ya muda unasikia sakafu ikilia kama ngoma ukitembea na viatu. Gundi ya unga ina viungo vinavyoshika hata pasiponyonya. Ukitaka kujua marumaru zenu ni zipi, igeuze moja, dondoshea matone ya maji mgongoni, usubiri dakika tano. Yakibaki juu yanang'aa, ni poselini.

Kuna na tabia ya kuweka gundi kwa madonge matano, manne ya kona na moja la katikati. Inaokoa gundi na inarahisisha kusawazisha, ila kati ya madonge kuna uwazi, na mguu wa kabati ukisimama hapo marumaru inapasuka. Siku ya kwanza ya kazi, mwombe fundi kwa heshima ang'oe marumaru moja aliyoiweka sasa hivi. Mgongo wote unatakiwa uwe umejaa gundi, kona zote nne. Akijua utaangalia, hatakuwa na haja ya kuficha.

Grauti watu wengi hununua kupita kiasi, kwa kuwa hukadiria kwa eneo tu. Grauti inajaza mianya, na marumaru kubwa zina mianya michache. Kwa marumaru zenu zenye unene wa kama milimita 9 na mwanya wa milimita 2, mita moja ya mraba inakula kama gramu 100 tu. Mita 64 ni kilo 6 na nusu. Ongeza mianya ya skatingi na ile inayobaki kwenye ndoo na sifongo, nunua kilo 8. Mkitumia mwanya wa milimita 3, nunua 12. Linganisha na choo chenye marumaru za 30 kwa 30 na mwanya wa milimita 3: mita moja inakula karibu gramu 250. Kwa hiyo usichukue kiasi mlichotumia chooni ukakizidisha kwa eneo la sebule. Na msibane mwanya mpaka marumaru zigusane kwa kuokoa grauti. Sakafu hutanuka na kunywea kwa joto, na marumaru zisizo na nafasi husukumana mpaka zikainuka katikati kama paa la hema.

Rangi ni hesabu ya namna nyingine, kwa sababu hapa kinachopoteza ni ukuta wenyewe kunywa. Mzunguko wa mita 72.6 mara kimo cha 2.9 ni mita za mraba 210. Nimetoa milango, madirisha na skatingi, nikaacha kidogo kwa ajili ya pembe za ndani za madirisha ambazo nazo hupakwa. Zinabaki kama 175. Sina vipimo vya madirisha yenu, kwa hiyo nimechukua mawili ya mita 1.5 kwa 1.5 sebuleni na moja la 1.5 kwa 1.2 kila chumba cha kulala. Yakiwa makubwa kuliko hayo, punguza.

Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini uliopigwa skimu na prima inafunika kama mita 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili kwenye mita 175 ni lita 35. Ongeza asilimia 10 ya rola, ndoo na matone, unafika 38 na nusu. Nunua ndoo mbili za lita 20 za rangi moja, na kabla ya kuanza zichanganywe pamoja kwenye pipa safi ili rangi isibadilike katikati ya ukuta. Mkichagua rangi tofauti kwa vyumba vya watoto, kila kimoja kina kama mita 31 za ukuta na kinahitaji lita 7 kwa mikono miwili, yaani galoni mbili za lita 4. Hapo basi sebule, chumba chenu na korido zinabaki na lita 25: ndoo moja na galoni mbili, ya pili ikibaki karibu yote kwa marekebisho.

Prima ndiyo inayookoa rangi ya juu. Inafunika kama mita 8 kwa lita kwa sababu ndiyo inayonywewa. Kuta pamoja na dari ya mita 64 zinahitaji lita 30, chukua ndoo moja na galoni tatu. Dari nyeupe mikono miwili ni kama lita 14, galoni nne. Ukiruka prima, mkono wa kwanza wa rangi utafunika mita 6 au 7 tu kwa lita, na utakuwa umetumia rangi ya bei kubwa kufanya kazi ya prima.

Namba hizi ni za rangi kama inavyotoka kwenye ndoo, pamoja na maji kidogo yanayoruhusiwa kwenye lebo. Fundi anayesema ndoo moja itamaliza nyumba nzima anamaanisha ataiongezea maji. Ukuta utafunikwa, lakini ukiupitisha kitambaa chenye maji baada ya mwezi kitatoka na rangi. Kama huamini makadirio ya mtu yeyote, mimi nikiwemo, pima: mpe fundi lita mbili kamili, apake ukuta mmoja wenye prima mpaka ziishe, kisha upime eneo lililofunikwa. Hilo ndilo jibu la ukuta wenu.

Mfanye haya kuta zikiwa kavu. Plasta mpya isubiri angalau siku 28, na kwa Arusha mwezi wa sita na wa saba, jua linapojificha siku nzima nyuma ya mawingu ya Meru, isubiri zaidi. Bandika nailoni ya nusu mita ukutani, uzibe kingo zote kwa tepu ya kubandikia, uiache usiku mzima na mchana wake. Ukikuta matone ndani yake, ukuta bado unatoa maji, na rangi yoyote utakayoipaka itatoa maua meupe ya chumvi au itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Yapo mambo ambayo tepu na kalamu havitoshi. Gonga sakafu kwa kipini cha nyundo kabla ya kuweka chochote. Ikilia tupu sehemu kubwa, au ikiwa na nyufa zinazopita kutoka ukuta hadi ukuta, usinunue marumaru bado. Vivyo hivyo ukiona nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha, hasa kama mmejenga kwenye udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Hapo mlete mhandisi aione nyumba kwa macho yake, maana marumaru zitafuata ufa ule ule. Na ukuta unaobaki na unyevu chini, usawa wa goti, hata baada ya wiki sita za kiangazi, unahitaji mtu wa kutafuta maji yanapotoka, si prima nyingine. Kama tatizo lenu ni fundi na muuzaji kutoelewana tu, mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa anaweza kupima vyumba hivi vitano kwa saa moja na kuwapa orodha iliyoandikwa, mkaibandika ukutani fundi aisome kila asubuhi.